Ipi taa ya babangu: kutunga utenzi na watoto wa darasa la sita

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Kiswahili mwenye darasa kubwa, ubao mmoja, chaki, na watoto ambao kila mmoja ana daftari na kalamu. Mimi nafundisha Kigoma, karibu na ziwa, kwa hiyo mfano nitakaoufuata mwanzo hadi mwisho ni wa taa za wavuvi wa dagaa. Utahitaji vipindi vinne vya dakika 40. Ukibanwa sana unaweza kuunganisha cha tatu na cha nne, lakini cha kwanza usikiguse.

Nilifundisha ushairi vibaya kwa miaka kadhaa. Nilikuwa naanza na ubeti, mshororo, vina na mizani, nachora mchoro ubaoni, halafu nawaambia, "Haya, tungeni." Nilikuwa napokea daftari sabini zenye shairi lilelile: walimu tunawapenda, elimu ni ufunguo, wazazi tuwaheshimu. Mizani ilikuwa sawa na vina vilikuwa sawa, ila hakuna hata mtoto mmoja aliyeandika kitu alichokiona kwa macho yake. Siku hizi kanuni nazileta katikati ya kazi, watoto wakiwa tayari wana kitu mkononi.

Siku moja kabla: zoezi la nyumbani

Chagua kitu kimoja ambacho karibu kila mtoto anaweza kukifikia bila nauli. Kwetu ni ziwa usiku. Ukiwa mbali na ziwa, chagua stesheni treni inapoingia, au mama anapokamua mawese. Tabora unaweza kuchukua mwembe wa uani, au asali inapochujwa. Kisiwe kitu kikubwa kama "nchi yangu" au "mazingira".

Maelekezo yawe mafupi: "Simama au kaa mahali pamoja. Hesabu kimoyomoyo hadi mia moja bila kusema na mtu. Halafu andika mambo matano uliyoyaona, kuyasikia, kuyanusa au kuyagusa. Ukiwa pale ulikuwa unafanya nini? Liandike na hilo."

Swali hilo la mwisho usilisahau. Litakuokoa kipindi cha tatu.

Kwa wenzangu wa ziwani kuna jambo la kuangalia: mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa huwavuta wakati wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu, siku kadhaa kabla na baada yake, vyombo vingi hubaki mwaloni kwa sababu mbalamwezi huishinda taa. Mwaka mmoja nilitoa zoezi hili wiki ya mbalamwezi bila kufikiri. Kesho yake nusu ya darasa waliniletea "taa nyingi zinazong'aa ziwani". Ziwa lilikuwa tupu. Waliandika walichodhani nataka kukisikia. Niliona aibu, lakini nilijifunza kwamba mtoto asipokwenda kutazama, utamjua kwa sentensi zake: zinafanana na za jirani yake neno kwa neno.

Kipindi cha kwanza: kukusanya picha

Bandika karatasi ya manila pembeni ya ubao. Kazi ya leo itaandikwa hapo, si ubaoni, kwa sababu ubao utafutwa na mwalimu wa hisabati.

Kabla hujapokea jibu la kwanza, tangaza maneno yaliyofungiwa: zuri, pendeza, vutia, furaha, sana. Watoto watacheka, kisha watakwama. Waache wakwame kidogo. Mtoto akisema, "Taa zilipendeza," muulize, "Zilikuwaje mpaka ukasema zinapendeza? Zilikuwa ngapi? Zilitulia au zilitikisika?" Jibu la pili ndilo utakaloliandika kwenye manila.

Mtoto akikwama kwa lugha, mruhusu aseme kwa Kiha. Andika neno lake lilivyo, halafu darasa zima litafute la Kiswahili. Mara nyingine neno la Kiswahili halitoshi na watoto wanalitambua hilo wenyewe, na hapo hutokea mjadala mzuri kuliko somo nililoliandaa.

Ukishapata mambo kama kumi na tano, rudi kwenye machache na uulize: "Kama nini?" Hapa tunatafuta tashibiha, lakini jina hilo nalitaja mwisho wa kipindi, baada ya watoto kuwa wameshaifanya. Kanuni yangu ni moja: jibu la kwanza halipokelewi. La kwanza huwa limeokotwa. Nilipouliza taa za ziwani zinafanana na nini, la kwanza lilikuwa nyota, kama kila mwaka. La pili lilikuwa vimulimuli. Tukakaa kimya. Halafu yakaja haya:

"Kama mji."
"Kama watu wanatafuta kitu kimepotea."
"Kama Kongo imesogea karibu."

La mwisho lilinisimamisha. Kongo iko ng'ambo ya ziwa, na hewa ikiwa safi mchana tunaiona milima yake. Mtoto aliyesema hivyo si wa kunyoosha mkono.

Uwe macho na tashibiha za kukariri. "Nyeupe kama theluji" ni ya mtoto ambaye hajawahi kuona theluji. Muulize ameona nini cheupe, atakwambia unga wa muhogo kwenye mkeka. Huo andika.

Kipindi cha pili: sentensi nne kwanza, ubeti baadaye

Dakika kumi za mwanzo kila mtoto anachagua picha moja kutoka kwenye manila au kutoka kwenye zoezi lake, na anaandika sentensi nne za kawaida. Hakuna vina wala mizani, ni maelezo tu. Sentensi moja lazima iseme yeye alikuwa anafanya nini. Waambie waandike kwa kalamu ya wino, wasifute. Kinachokatwa kikatwe kwa mstari mmoja ili kisomeke.

Nitamfuata mtoto mmoja ambaye baba yake ni mvuvi. Sentensi zake zilikuwa hizi:

*Jana usiku nilikaa mlangoni. Taa za ziwani zilikuwa nyingi kama mji. Nilizihesabu nikafika thelathini na moja. Nilitaka kujua ya baba ni ipi.*

Baada ya hapo ndipo ninapoleta kanuni. Sianzi na tarbia. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili vya mizani nane nane, na kuna kina cha kati na kina cha mwisho. Hizo ni mizani 64 kwa ubeti mmoja, na mtoto wa miaka kumi na mbili hutumia nguvu zote kuhesabu. Nachukua ubeti wa utenzi. Una mishororo minne mifupi, kila mmoja mizani nane, jumla 32. Mishororo mitatu ya kwanza ina kina kimoja. Mshororo wa nne una kina chake, na kina hicho hurudi mwishoni mwa kila ubeti hadi utenzi unaisha. Kina hicho cha mwisho huitwa bahari. Kwa hiyo mtoto anahitaji maneno matatu tu yanayofanana mwisho, kisha ubeti ujao anatafuta mengine matatu mapya.

Mizani ni silabi, na silabi hufundishwa kwa makofi. Ta-a ni makofi mawili. Da-ga-a ni matatu. Shida iko kwenye herufi M. Katika "mji" M inasimama peke yake, kwa hiyo ni m-ji, mizani mbili. "Mtumbwi" ni m-tu-mbwi, mizani tatu. "Mlangoni" ni m-la-ngo-ni, nne. Lakini "mbalamwezi" ni mba-la-mwe-zi, nne, maana hapo M imeungana na inayofuata. Sielezi zaidi ya hapo, nawapigisha makofi tu na masikio yao yanajua. Maneno kama "alfajiri" na "daftari" yana konsonanti mbili zinazokutana katikati na huleta ubishi hata kwa watu wazima. Waambie wayaepuke kwa leo.

Sasa waandike ubeti mmoja. Mmoja tu. Yule mtoto wangu aliniletea huu, akiwa na uso wa ushindi:

*Taa nyingi za usiku*
*Zapendeza kila siku*
*Hula samaki na kuku*
*Nampenda baba yangu*

Hesabu. Kila mshororo una mizani nane kamili. Vina ni ku, ku, ku, na bahari ngu. Kwa kanuni hakuna kosa hata moja. Lakini angalia kilichotoweka: mlango, mji, thelathini na moja, na swali la taa ya baba. Badala yake ameingia kuku, ambaye hakuwepo usiku ule. Amevutwa na kina.

Hili litatokea kwa zaidi ya nusu ya darasa lako. Usishangae na usikemee. Mizani zikianza, picha hukimbia, na kazi ya kipindi kinachofuata ni kuirudisha.

Kipindi cha tatu: kurekebisha

Hapa ndipo penye somo lenyewe, na hapa ndipo walimu wengi tunaharakisha kwa sababu daftari ni nyingi na tumezoea kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Kalamu nyekundu haina kazi leo.

Waweke wawiliwili. Kila mtoto anamsomea mwenzake ubeti wake mara mbili, mwenzake akiwa amefumba macho. Msikilizaji anaulizwa mambo mawili tu: "Umeona nini?" na "Ni neno gani ambalo hukuona kitu?" Asiseme "nzuri" wala "mbaya". Mwenzake yule mtoto alijibu, "Nimeona kuku." Darasa lilicheka na mwenyewe akacheka. Hakuna maelezo yangu ambayo yangefanya kazi hiyo haraka namna ile.

Kisha nikamfanyia ubaoni mbele ya wote, kwa ruhusa yake. Ukifanya hivi, chagua mtoto asiyevunjika moyo kirahisi.

"Mwanangu, usiku ule ulikuwa unafanya nini?"
"Nilikuwa nahesabu taa, mwalimu."
"Za nini?"
"Nijue ya baba ni ipi."
"Umeliandika hilo?"

Akatazama daftari lake. Lilikuwepo ukurasa wa nyuma, kwenye sentensi nne. Kila ubeti ukipotea, mrudishe mtoto kwenye sentensi zake za mwanzo. Ndiyo sababu hatufuti.

Tukaanza mshororo wa kwanza. Alisema, "Taa zinawaka ziwani." Tukapiga makofi, yakawa tisa. Imezidi moja. Watoto hukimbilia kutupa neno zima, na mara nyingi hutupa lile lenye picha. Wafundishe kufupisha ndani ya neno kwanza. "Zinawaka" inaweza kuwa "zawaka". *Taa zawaka ziwani*, nane. Ufupishaji huu washairi wanauita inkisari, na watoto hulipenda jina hilo kwa sababu wameliona likifanya kazi.

Mshororo wa pili ulikuwa "Zilikuwa kama mji". Mizani nane, lakini unaishia ji wakati wa kwanza umeishia ni. Kuna njia mbili: kubadili mshororo wa kwanza, au kusogeza "mji" kutoka mwisho wa mstari uende katikati. Mtoto mwingine akapiga kelele, "Mji wa majini!" *Kama mji wa majini.* Nane. Si tu kwamba kina kimepatikana, picha nayo imeongezeka, maana sasa mji una mahali pake.

Mtaona kwamba ile "ni" ya mahali ni hazina ya vina: ziwani, majini, mlangoni, mchangani. Waonyeshe, lakini ukiwaachia, kila ubeti wa darasa zima utaishia ni. Mimi naruhusu ubeti mmoja tu wa ni kwa kila mtoto.

Mshororo wa tatu tukaurudisha mlango: *Nahesabu mlangoni.* Nane. Thelathini na moja haikupata nafasi. "Thelathini na moja" peke yake ni mizani saba, na inaishia ja. Nilisikitika kuipoteza na hadi leo nadhani ingepatikana njia. Kengele ndiyo ilikuwa inakaribia.

Wa nne ndio wa bahari, na ndipo alipokuwa na "Nampenda baba yangu". Sikumwambia kwamba mshororo huo ni mbaya. Nilimuuliza, "Mtu anayekaa mlangoni usiku anahesabu taa, tutamwambia kwamba anampenda baba yake, au tumeshajua?" Akasema tumeshajua. Akaandika "Ipi taa ya baba yangu". Makofi tisa. Kabla sijafungua mdomo darasa likasema, "Babangu!" *Ipi taa ya babangu.* I-pi-ta-a-ya-ba-ba-ngu. Nane.

Baada ya mfano huo wa ubaoni, wape dakika kumi na tano warekebishe yao. Wewe pita kati ya madawati ukiuliza lile swali moja: ulikuwa unafanya nini? Wanaomaliza mapema waanze ubeti wa pili kwa vina vipya, wakibaki na bahari yao. Yule mtoto alikwenda nyumbani na akarudi na ubeti wa pili, na nilimsaidia neno moja tu. Aliandika "nguo zake zimeloa", nikamuuliza kama kuna neno jingine la kuloa linaloishia ta. Jirani yake alilijua.

*Taa zawaka ziwani*
*Kama mji wa majini*
*Nahesabu mlangoni*
*Ipi taa ya babangu*

*Asubuhi namkuta*
*Nguo zake zimetota*
*Wavu wake auvuta*
*Gamba mkononi mwangu*

Hilo gamba la dagaa lililobaki mkononi sikulifundisha mimi wala halikuwa kwenye manila. Nilipomuuliza limetoka wapi, alisema alimshika baba yake mkono.

Kuhusu ukomo wa inkisari, mweleze mtoto kwamba anafupisha pale tu ambapo msikilizaji bado anaelewa. "Babangu" husemwa mitaani, na "zawaka" inaeleweka. Lakini nimewahi kupata "mtmbwi" kwa mtoto aliyetaka kupunguza mizani kwa kufuta irabu. Huo si uhuru wa mshairi. Mtihani ni rahisi: msomee mwenzako, akiuliza "umesemaje?" rudisha.

Kipindi cha nne: kughani na kubandika

Utenzi unataka sauti. Usiwaache wasome kama wanasoma tangazo. Waulize nani anajua mahadhi yoyote ya kuvuta, ya kasida au ya ngoma, halafu wote wajaribu ubeti wa darasa kwa mahadhi hayo. Mshororo ukiwa na mizani saba au tisa, mahadhi yatagonga mwamba hapohapo na kila mtu atasikia. Huo ndio usahihishaji wa mwisho wa mizani, na mtoto anaufanya mwenyewe.

Kwa darasa la watoto sabini usijaribu kuwasikiliza wote. Vikundi vya saba au nane, kila mmoja aghani kwenye kikundi chake, kila kikundi kitoe mmoja mbele. Wasikilizaji wana kazi: kila mmoja ataje picha moja aliyoiona. Kupiga makofi tu hakutoshi.

Kuna jambo ambalo lazima ulipange kabla. Ziwa linachukua watu. Darasani kwako anaweza kuwepo mtoto ambaye baba yake hakurudi. Kwa hiyo tangu zoezi la nyumbani acha mlango wazi wa kuchagua kitu kingine, na kughani mbele kuwe kwa kujitolea. Mwaka mmoja mtoto aliandika beti tatu nzito akaniomba nisizisome kwa mtu. Nilizisoma peke yangu, nikamrudishia daftari, na alama nikampa za mshororo ulivyojengwa, si za kilichomo.

Alama ninazitoa hivi, juu ya kumi: nne za picha, yaani kitu kinachoonekana, kusikika au kunuswa, tatu za mizani na vina, tatu za marekebisho. Za marekebisho nazitafuta kwenye mistari iliyokatwa. Daftari safi lisilo na mstari uliokatwa halipati zaidi ya moja kati ya hizo tatu, hata kama ubeti ni mtamu. Mwanzoni wazazi wengine hulalamika kwamba daftari limechafuka. Waonyeshe kuku alivyoondoka.

Nakala za mwisho tunazibandika ukutani kwa uji mzito wa unga, ambao ni rahisi kuliko gundi ya dukani, ingawa mende huupenda, kwa hiyo usibandike karibu na kabati la vitabu. Ile manila usiitupe. Yangu iko nyuma ya mlango wa darasa. Mistari iliyokwisha kutumika imekatwa kwa kalamu, na kati ya iliyobaki bado upo ule wa Kongo kusogea karibu. Mwenyewe anasema hajapata bahari yake.